Ndugu wa Maskati Kakutuma Nondo: Toza Ada Yako, Achana na Cha Juu

Leo tunaongea na wale ambao simu zao zinaita kutoka Maskati, Dubai au Doha: "Dada, nataka kuanza lenta kwa mama, nikutumie hela uninunulie vifaa?" Hapa Igoma maombi haya ni mengi, nyumba zinapanda kila upande kuelekea Kishiri na Kisesa, na nyingi mwenyewe hayupo. Hii ni kazi, na kazi inalipwa. Tabu ni kwamba wengi tunaona aibu kumtajia ndugu bei ya huduma, kwa hiyo tunajilipa kimyakimya kwa kuweka cha juu.

Tuchukue mfano. Mama mmoja ana genge pale Igoma, mdogo wake anafanya kazi Maskati. Fundi ameandika mahitaji ya lenta: nondo 30 za milimita 12, saruji mifuko 20, waya wa kufungia na misumari. Tuseme nondo ni shilingi 25,000, hiyo ni 750,000. Saruji kwa 20,000 ni 400,000. Waya na misumari 50,000. Jumla ya vifaa ni 1,200,000. (Bei hizi ni za mfano tu, wewe zunguka uulize za siku hiyo.)

Sasa huyu mama anaweza kumwambia mdogo wake nondo ni 27,000. Mbili mbili kwenye nondo 30, anabaki na 60,000. Au anaweza kusema: vifaa 1,200,000, gari la kubeba 40,000, ada yangu 60,000, tuma 1,300,000. Elfu sitini ile ile! Tofauti ni kwamba ile ya kwanza inaisha siku mdogo wake atakapoongea na rafiki aliyenunua nondo wiki hiyo hiyo Buzuruga. Hapo haulizwi kuhusu nondo peke yake, anaulizwa na hela ya dawa za mama ya mwaka juzi. Na yule ndugu hatakwambia amegundua. Atahamisha tu kazi kwa mtu mwingine, wewe utashangaa simu haziiti.

Ada unaipataje? Usiitoe hewani. Mama wa genge anajua siku akifungua anabaki na kama 25,000. Kazi hii inamla siku mbili: moja ya kuzunguka kuuliza bei, Igoma, Buzuruga mpaka mjini, ya pili ya kununua na kupokea mzigo saiti. Hiyo ni 50,000. Bodaboda na bando weka 10,000. Imefika 60,000, na ukiulizwa unaeleza bila kubabaika.

Wapo wanaotoza asilimia, kwa mfano 5. Kwenye hesabu yetu inatoka hiyo hiyo 60,000, lakini mimi siipendi. Ukikazana ukapunguziwa nondo mpaka 24,000, umemwokolea ndugu yako 30,000 halafu ada yako imeshuka kwa 1,500. Saruji ikipanda, ada yako nayo inapanda. Yaani unalipwa zaidi kwa kununua ghali, na ndugu aliye mbali analiona hilo haraka kuliko unavyodhani. Toza kwa mzunguko mmoja wa ununuzi, iwe kiasi kinachojulikana kabla hela haijatumwa.

Na ile "ya soda" anayokupa mwenye duka kwa sababu umenunua mzigo mkubwa? Iseme. Mwandikie, "dukani wamenipa 10,000, nimeichanganya kwenye gari." Usiposema, itakuwa cha juu kwa jina lingine.

Kuhusu hela yenyewe: kilichotoka Maskati na kilichoingia kwenye simu yako havilingani, kuna makato na kubadilisha fedha. Hesabu ianzie kwenye kilichoingia, mtumie skrinishoti ya ule ujumbe. Halafu usiitoe yote taslimu. Lipa dukani kwa Lipa Namba au benki, unakwepa makato ya kutoa na malipo yanabaki na ushahidi.

Bei uliza tangu mwanzo ile yenye risiti ya EFD. Kuna maduka yatakutajia bei mbili, ya risiti na isiyo na risiti, na kisheria mnunuzi naye anawajibika kudai risiti. Kwa kazi hii risiti ndiyo inayokulinda wewe. Chini yake kuna namba ya uhakiki, na ndugu yako akiwa huko huko Maskati anaingia verify.tra.go.tz, anaweka ile namba, anaiona risiti yenyewe na kiasi kilicholipwa. Ukimtumia picha ya risiti isiyosomeka vizuri ni kama hujatuma kitu, kwa hiyo ipige juani mara tu ukiipokea.

Haya, sasa tuje kwenye kitu ambacho ndicho ada yako inalipia: kuangalia mzigo. Nondo ndipo watu wanapoibiwa bila kujua. Nondo nzima ina urefu wa mita 12, kwa kawaida inakuja imekunjwa katikati. Ile ya milimita 12 kamili inakaribia kilo 10.7. Tafuta mizani ya kuning'iniza, wauza dagaa wanazo. Chagua nondo tatu au nne kutoka sehemu tofauti za rundo, usipime ile unayopewa tu, zifunge na kamba upime moja moja. Ikipungua gramu mia mbili au tatu si ajabu, viwanda havitoi sawasawa. Lakini ukikuta kilo 9, hiyo ni nondo ya milimita 11 inayoitwa 12.

Usidanganyike na rula, kwa sababu ukipima juu ya yale mabaka ya nondo, nyembamba inaonekana nene. Pima na urefu kwa futikamba, maana zipo zilizokatwa nusu mita.

Ona hasara yake. Pungufu ya kilo 1.7 kwenye kila nondo, mara 30, ni kilo 51. Hiyo ni karibu nondo tano umelipia na hukupewa, kama 119,000 kwa bei yetu ya mfano, mara mbili ya ada yako. Piga picha ya mizani ikionesha kilo, mtumie ndugu kabla hujalipa. Picha hiyo moja inamfanya aache kuuliza kwa nini unatoza.

Saruji inunue fundi akiwa tayari, usiijaze stoo kwa sababu tu hela imeingia. Bonyeza pembe za mfuko dukani. Ukisikia mabonge magumu yasiyovunjika kwa vidole, rudisha. Nyumbani ipangwe juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta, hasa mvua zikianza.

Mzigo ukifika saiti, hesabu mbele ya fundi, mwandike kwenye daftari nondo 30, mifuko 20, asaini na wewe usaini. Lenta ikishamwagwa rudi uhesabu kilichobaki. Vipande vya nondo na mifuko miwili iliyobaki huwa vinapotea siku hiyo hiyo jioni, na atakayeulizwa ni wewe, si fundi. Kurudi huko nako ni safari, kwa hiyo itaje kwenye ada tangu mwanzo.