Wagonjwa 28, wauguzi wangapi?

Katika darasa la uongozi wa uuguzi, zoezi la kupanga wauguzi huanza na swali linaloonekana jepesi: wodi ina wagonjwa 28, inahitaji wauguzi wangapi? Mwanafunzi anayekimbilia kugawanya 28 kwa namba yoyote ile amekwishakosea kabla hajashika kikokotoo. Swali bado halijakamilika, kwa sababu halijasema wagonjwa hao wako katika hali gani na wanaweza kujifanyia nini wenyewe.

Ndiyo maana hesabu hii huanzia kitandani. Kila mgonjwa huwekwa katika ngazi kulingana na kiasi anachomtegemea muuguzi. Ngazi ya kwanza ni ya anayekwenda chooni mwenyewe, anakula mwenyewe na anasubiri dawa zake au ruhusa ya kurudi nyumbani. Wa ngazi ya pili anahitaji mkono wa mtu ili aoge au atembee, na huenda ana dripu. Wa ngazi ya tatu hafanyi karibu lolote bila muuguzi: analishwa, anasafishwa, anageuzwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia. Ngazi ya nne ni ya mahututi, yule ambaye mapigo, pumzi na presha yake lazima viangaliwe kila mara na hali yake inaweza kubadilika wakati wowote.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa, kwa kuwa hupanga ngazi kwa kuangalia jina la ugonjwa au ukali wake. Mzee aliyepata kiharusi wiki tatu zilizopita anaweza kuandikwa na daktari kuwa anaendelea vizuri, na ni kweli: presha imetulia, hana homa. Lakini upande mmoja wa mwili umelala, anakula kwa mpira wa puani na ana mpira wa mkojo. Kwa daktari ametulia, ila kwa muuguzi ndiye mwenye kazi nyingi zaidi katika safu yake ya vitanda. Kijana wa kitanda cha jirani aliyeingia jana na homa kali ya malaria anatisha kumwangalia, lakini kesho kutwa huenda akawa ananawa bombani.

Waingereza wameliingiza jambo hili ndani ya hesabu yenyewe. Kipimo kinachotumika katika hospitali za umma za Uingereza kiliigawa ngazi ya kwanza mara mbili katika toleo lake lililoenea mwaka 2013: upande mmoja wagonjwa ambao hali yao inaweza kuzorota, upande wa pili wagonjwa waliotulia lakini wanaotegemea wauguzi kwa karibu kila kitu. Katika toleo hilo, kundi la kwanza lilipewa uzito wa 1.39 na la pili 1.72. Aliyetulia alihesabiwa kuwa na kazi nyingi kuliko anayetia wasiwasi.

Ngazi zikishapangwa, kila moja hupewa saa za uuguzi kwa siku nzima ya saa 24. Majedwali yako mengi. Lile linalofahamika sana kwa wanafunzi wa Ufilipino linatoa saa 1.5 kwa ngazi ya kwanza, 3 kwa ya pili, 4.5 kwa ya tatu na 6 kwa ya nne. Kwa zoezi linatosha, kwa hiyo litumike hapa katika wodi ya mfano ya magonjwa ya ndani, iliyo Tanzania, yenye wagonjwa hao 28.

Siku ya kwanza, wodi ina wagonjwa 18 wa ngazi ya kwanza, 7 wa ya pili na 3 wa ya tatu, mahututi hakuna. Saa zao ni 27, 21 na 13.5, jumla 61.5. Siku nyingine wagonjwa ni wale wale 28 kwa idadi, lakini 8 tu ndio wa ngazi ya kwanza, 10 wako ya pili, 7 ya tatu na 3 ni mahututi. Sasa saa ni 12, 30, 31.5 na 18, jumla 91.5. Vitanda ni vile vile na kitabu cha ripoti kinaonyesha idadi ile ile, lakini kazi imeongezeka kwa saa 30, yaani karibu zamu nne kamili za muuguzi. Aliyepanga kwa kuhesabu vichwa haoni tofauti yoyote kati ya siku hizo mbili.

Ichukuliwe siku nzito. Saa 91.5 zikigawanywa kwa zamu ya saa 8 hutoa 11.4, na kwa kuwa hakuna sehemu ya mtu, zoezi linachukua wauguzi 12 kwa siku. Jedwali hilo hilo la Ufilipino hugawa asilimia 45 asubuhi, 37 jioni na 18 usiku. Kwa wauguzi 12 inatoka 5.4, 4.4 na 2.2. Mwanafunzi anayekata desimali anapata 5, 4 na 2, kisha anashangaa muuguzi mmoja amepotelea wapi. Anayepandisha kila namba anapata 6, 5 na 3, na ghafla siku moja imemeza wauguzi 14. Hesabu haiwezi kuamua aendako huyo wa kumi na mbili. Hapo lazima kiongozi wa wodi atumie akili. Kwa wodi yenye mahututi watatu, jibu la busara ni usiku. Wauguzi wawili wakiwa zamu na mmoja akamsindikiza mgonjwa kupiga eksirei, wagonjwa wote waliobaki wako mikononi mwa mtu mmoja.

Wauguzi 12 kwa siku, hata hivyo, si wauguzi 12 wa kuajiriwa. Kosa hili ndilo la gharama kubwa kuliko yote, na dalili yake huonekana upesi: ratiba ya mwezi inakamilika tu iwapo hakuna anayepumzika. Wodi hufanya kazi siku 365, muuguzi hafanyi hivyo. Kwa wiki ya saa 40, siku za mapumziko ni 104 kwa mwaka, hivyo zinabaki 261. Kutoka hapo huondolewa likizo, sikukuu, ugonjwa na mafunzo.

Likizo ina mtego wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo kwa mwaka. Neno mfululizo lina uzito hapa: ndani ya siku 28 zimo siku nane za mapumziko ambazo tayari zimeshaondolewa kwenye zile 104. Za kutoa ni 20 tu. Zoezi likikadiria sikukuu 14 zinazoangukia siku za kazi, siku 7 za ugonjwa na dharura, na 5 za mafunzo, muuguzi mmoja anabaki na siku 215 za kuwa wodini. 365 kwa 215 ni 1.7 hivi. Zidisha kwa 12 upate 20.4, na ikama ya wodi hiyo inakuwa wauguzi 21. Aliyetoa siku zote 28 anabaki na siku 207 na kufika 22. Mhasibu makini atamgundua huyo muuguzi hewa, na akishamgundua hataamini namba nyingine yoyote katika ombi hilo.

Majibu haya yanang'aa kuliko yanavyostahili, kwa sababu saa zilizotumika zimeazimwa. Katika wodi nyingi za Afrika Mashariki ndugu ndiye anayemwogesha mgonjwa, anamlisha uji na kumsaidia kugeuka. Je, saa hizo zitolewe kwenye hesabu? Zikitolewa, wodi itaonekana ina wauguzi wa kutosha huku mgonjwa asiye na ndugu akibaki na mashuka machafu hadi mchana. Heri zibaki, kwa kuwa mzigo huo ni wa wodi hata kama leo umebebwa na shangazi wa mtu. Kwa upande mwingine, muuguzi huku hujaza vitabu vya MTUHA na hufuata dawa stoo, na jedwali la nchi nyingine halijui anatumia muda gani huko. Njia ya Shirika la Afya Duniani ya kupima mzigo wa kazi, ambayo imetumika pia Tanzania na Uganda, hukwepa tatizo hilo kwa kuwataka wenyeji wa kazi waweke wenyewe muda unaofaa kwa kila shughuli, za kitandani na zile zisizoonekana.

Upangaji wa ngazi nao hutiwa chumvi, mara nyingi bila nia mbaya. Wauguzi wakijua kwamba ngazi ya tatu huleta watu wa kuongeza, ngazi ya tatu hujaa. Kulitambua si kazi ngumu: wagonjwa wazito wanaongezeka kwenye karatasi, lakini matumizi ya oksijeni, dripu na mipira ya kulishia hayajasogea. Dawa yake ni wauguzi wawili kuwapanga wagonjwa wale wale kila mmoja peke yake, kisha kulinganisha. Tena siku moja haitoshi kuamua ikama ya mwaka. Katika toleo la mwaka 2013, Waingereza walikusanya takwimu saa tisa alasiri kwa siku 20 zisizopungua, na walichukua wastani. Wodi ya mfano hapa ikiwa nzito siku chache tu za mwezi, namba 21 ni kubwa mno.

Lakini zoezi lina sehemu ya pili ambayo walimu wachache huitoa, na huenda ndiyo yenye manufaa zaidi kwa msimamizi wa wodi. Ni kugeuza hesabu. Wodi ina wauguzi 13 na hakuna ajira mpya. Wauguzi 13 mara siku 215 ni zamu 2,795 kwa mwaka. Zikigawanywa kwa 365 hutoa zamu 7.7 kwa siku, ambazo ni kama saa 61.

Saa hizo zinatosha siku nyepesi, karibu sawasawa. Siku nzito zinakosekana 30, na kila moja ya saa hizo ni kazi yenye jina: kumgeuza mzee wa kiharusi, kupima presha ya saa nane usiku, kubadilisha dripu kabla haijaisha. Msimamizi anayeomba wauguzi aambatanishe na ombi lake karatasi ya ngazi za wagonjwa na orodha ya kazi ambazo hazikufanyika siku hiyo. Mwajiri anaweza kubishana na namba 21; kukanusha orodha hiyo ni vigumu zaidi.