Mitungi na Ulimbo: Mimea Inayokula Wadudu

Katika vinamasi vya pwani ya mashariki ya Madagaska huota mmea ambao ncha za majani yake zimegeuka mitungi. Étienne de Flacourt, Mfaransa aliyewahi kuwa gavana kisiwani humo, aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1658, na leo wataalamu huuita Nepenthes madagascariensis. Mtungi wenyewe hausogei wala haumkamati mdudu. Humwacha ateleze.

Ukingo wake hutoa majimaji matamu, na una vifereji vyembamba vinavyoshika maji. Ukilowa kwa mvua au umande, sisimizi hukanyaga utando wa maji badala ya jani, miguu ikakosa mshiko, akaporomoka. Katika spishi nyingi ukuta wa ndani una nta inayomzuia kupanda tena. Chini yamo maji yenye tindikali na vimeng'enya, ambayo huyeyusha nyama yake na kuacha gamba tupu.

Jua likiwaka, ukingo hukauka na sisimizi hupita salama. Hiyo yaonekana kasoro, lakini utafiti uliofanywa juu ya spishi moja ya Borneo ulionyesha faida yake: sisimizi aliyeonja utamu akanusurika hurudi na wenzake, na ukingo ukilowa tena, huanguka wengi kwa mpigo.

Drosera madagascariensis, inayopatikana pia katika vinamasi vya Afrika Mashariki, hutumia ulimbo. Majani yake yana vinywele vyekundu, kila kimoja na tone la ute nchani. Nzi akitua hunata, na kadiri anavyofurukuta ndivyo anavyogusa matone mengi zaidi, hadi ute unaziba matundu yake ya kupumulia. Kisha vinywele vya jirani hujipinda polepole kumwelekea. Charles Darwin, katika kitabu cha mwaka 1875, alieleza alivyovijaribu vinywele vya jamaa yake wa Ulaya: vilijipinda kwa muda mrefu juu ya nyama, lakini matone ya mvua hayakuvishtua.

Nyama hiyo ina nitrojeni, ambayo ndiyo adimu kinamasini. Udongo uliojaa maji hukosa hewa, mabaki ya mimea huoza taratibu mno, na nitrojeni hubaki imefungwa humo. Chakula cha nguvu mmea hujitengenezea kwa jua kama mimea mingine. Mdudu kwake ni mbolea.

Mbolea hiyo ina gharama, kwa kuwa jani lililogeuka mtungi hunasa mwanga kidogo kuliko jani bapa. Mahali penye rutuba, mimea ya majani mapana huuzidi na kuufunika. Sarracenia purpurea ya Amerika Kaskazini ilipoongezewa nitrojeni katika majaribio, ilianza kuotesha majani bapa yenye mitungi midogo.