Je, Wajua? Kuzima Programu Hakufuti Oda

Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilipoteza zaidi ya dola milioni 460 katika muda wa dakika 45 hivi. Haikuwa kampuni ndogo: wakati huo takriban asilimia 10 ya biashara yote ya hisa zilizoorodheshwa Marekani ilipitia mikononi mwake. Siku chache kabla, mafundi wake walikuwa wakiweka programu mpya kwenye seva nane zinazopokea oda za wateja na kuzigawa vipande vidogo kabla ya kuzipeleka sokoni. Saba zilipata programu hiyo, ya nane ikasahaulika. Katika seva hiyo ya nane ulibaki msimbo wa zamani ulioitwa Power Peg, ambao kampuni iliacha kuutumia mwaka 2003, na alama iliyokuwa ikiuamsha zamani ndiyo hiyohiyo iliyopewa kazi mpya. Soko lilipofunguliwa saa tatu na nusu, seva ya nane ilianza kutuma vipande vya oda bila kujua kwamba oda kubwa ilikwisha kutimia, na haikuwa na sababu ya kuacha. Oda 212 za wateja zilizaa mauziano zaidi ya milioni 4 katika hisa za kampuni 154.

Wengi husimulia kisa hiki kama kisa cha seva iliyosahaulika. Kwangu sehemu nzito zaidi ni ile iliyofuata, watu walipojua kwamba kuna jambo na wakataka kulisimamisha. Taarifa ya mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani, iliyoitoza kampuni faini ya dola milioni 12 mwaka 2013, inaeleza kwamba katikati ya dharura wafanyakazi waliiondoa programu mpya kwenye zile seva saba zilizokuwa nzima, wakidhani ndiyo chanzo. Matokeo yake Power Peg ikaamka huko pia. Ukigawanya hasara kwa dakika, kila dakika moja ya kutafuta chanzo iliigharimu kampuni wastani wa zaidi ya dola milioni 10. Hapakuwa na utaratibu ulioandikwa wa nini kifanyike, wala kitu kimoja cha kubonyeza ambacho kingesimamisha kila kitu kwanza na kuacha maswali kwa baadaye. Hoja yangu ni kwamba kitu hicho ni mashine yenye muundo wake, na kwamba wengi wanaodhani wanacho wana amri ya kuzima programu tu, jambo ambalo ni tofauti kabisa.

Tofauti yenyewe inatokana na mahali oda inapokaa. Programu ikishatuma oda ya kununua hisa elfu moja kwa bei fulani, oda hiyo haimo tena ndani ya programu. Iko kwenye daftari la soko, inasubiri muuzaji, na itasubiri hata kama kompyuta iliyoituma imechomolewa umeme. Anayekimbilia kuua programu kwanza amepofusha jicho lake mwenyewe: oda bado zinanunuliwa na kuuzwa huko nje, naye hana tena kinachomwonyesha. Ni kweli kwamba masoko kadhaa hutoa huduma ya kufuta oda zako muunganisho unapokatika, lakini lazima usome masharti yake. Mara nyingi oda zilizowekwa zibaki hadi zifutwe na mwenyewe haziguswi, na kama mtandao umekufa kimyakimya bila kufungwa, soko huenda lisitambue mpaka likose ishara za uhai kwa sekunde kadhaa. Programu iliyoganda huku muunganisho wake ukiendelea kuitikia ishara hizo haitambuliki hata kidogo.

Kwa hiyo mpangilio sahihi una hatua nne, na mfuatano wake ndio ubora wake: funga mlango wa kutokea oda, futa zilizo sokoni, hesabu kilichobaki, na mwisho ndipo uzime programu. Ukifuta kabla ya kufunga mlango, programu nyingi zitafanya kazi zilizoandikiwa: zitaona oda yao imetoweka na kuweka nyingine mahali pake. Mtu atabonyeza mara tano, na mara tano daftari litajaa tena, kila mara kwa bei mpya.

Mlango huo uwe mahali pamoja ambapo kila oda hupita, nje ya akili ya programu inayoamua kununua au kuuza, na uwe wa aina inayofungika yenyewe penye shaka. Watu wengi huandika sharti la kusimama endapo faili fulani la kusimamisha lipo. Tatizo ni kwamba diski ikigoma au ruhusa ya kusoma ikikosekana, faili litaonekana halipo na oda zitaendelea kutoka. Ni bora kugeuza sharti, ili kuendelea ndiko kuhitaji kibali:

```python
def tuma(oda):
    if not os.path.exists("/run/biashara/RUHUSA"):
        raise Imesimamishwa(oda.id)
    muunganisho.send(oda)
```

Kusimamisha hapa ni kuandika `rm /run/biashara/RUHUSA`, au kubonyeza kitufe kinachofanya hivyo. Uzuri wa kukaa ndani ya `/run` ni kwamba kwenye mashine za Linux za kawaida saraka hiyo huishi katika kumbukumbu na hufutika mashine inapowashwa upya, hivyo seva iliyojiwasha yenyewe usiku wa manane inaamka ikiwa imesimama. Hilo ni jambo zito, kwa sababu kompyuta nyingi zina msimamizi anayeifufua programu kila inapokufa. Ukiiua programu bila kuondoa kibali, itarudi ndani ya sekunde chache ikiwa na nguvu mpya. Viwanda vilikwisha kutatua jambo hili kwa kile kitufe chekundu chenye umbo la uyoga juu ya kibao cha njano: ukikibonyeza hunasa chini, na hata ukikizungusha kikarudi juu, mashine haianzi mpaka mtu atoe amri ya pili kwa makusudi.

Hatua ya kufuta ina mtego wake. Masoko huweka kikomo cha idadi ya ujumbe unaoweza kutuma kwa sekunde, na programu iliyochanganyikiwa ndiyo inayokimaliza kikomo hicho. Ujumbe wako wa kufuta ukipita njia ileile, utasubiri nyuma ya maelfu ya oda au utakataliwa. Kitufe kinapaswa kuwa na muunganisho wake na funguo zake, na palipo na ujumbe mmoja wa kufuta vyote, kitumie huo badala ya kufuta moja baada ya nyingine. Katika itifaki ya FIX, inayotumiwa na masoko mengi, ujumbe huo ni `35=q`, na jibu lake ni `35=r`. Kabla ya kuuamini, hakikisha kwa soko lako kwamba ukitumwa kwenye muunganisho mmoja unafuta pia oda zilizowekwa na mwingine, kwa maana si kila soko hukubali hivyo. Na orodha ya oda za kufuta isitoke kwenye kumbukumbu ya programu, bali iulizwe soko lenyewe. Programu iliyoharibika haiwezi kuwa shahidi wa ilichokifanya yenyewe.

Tuchukue mfano wa kubuni wa programu yenye oda 40 sokoni. Kibali kinaondolewa. Oda moja ilikuwa imekwisha kuvuka ukaguzi wa mlango kabla kibali hakijaondoka, nayo inafika sokoni sekunde hiyohiyo. Sasa ni 41. Ujumbe wa kufuta unaondoka, na soko linajibu kwamba 37 zimefutwa na mbili zimechelewa kwa kuwa zimekwisha kununuliwa, jibu ambalo katika FIX huja kama `35=9` lenye sababu `102=0` kama ufutaji ulikuwa wa moja moja. Mbili zilizobaki hazina jibu. Kitufe kibaya kingeandika hapa kwamba kazi imekwisha. Kitufe kizuri kinaendelea kuuliza na kufuta mpaka soko liseme halina oda yoyote kwa jina lako, na wakati wote huo kinaonyesha namba tatu: oda ambazo bado zipo, oda zilizotimia baada ya kubonyeza, na kiasi cha hisa unachobaki nacho. Ile oda ya 41 ndiyo sababu ufutaji mmoja hautoshi hata kama mlango umefungwa vizuri.

Wapo watakaosema mkono wa binadamu ni wa polepole mno kwa mashine inayofanya mauziano zaidi ya elfu moja kwa sekunde, na kwamba kazi hii ni ya vikomo vya moja kwa moja. Vikomo ni lazima viwepo, wala sivipingi. Lakini kikomo hupima kile kilichoambiwa kipime. Huko Knight mauziano yale yalirundikana katika akaunti iliyokuwa na kikomo cha dola milioni 2, ila kikomo hicho hakikuunganishwa na kitu chochote cha kuzuia oda. Kabla ya soko kufunguliwa mfumo ulikuwa umetuma barua pepe 97 zenye jina Power Peg ndani yake, na hakuna aliyezichukulia kama onyo. Binadamu anaona mambo ambayo hakuna aliyeyaandikia kikomo, na anapoyaona anahitaji njia fupi. Hata kama ingemchukua mtu dakika tano kushtuka na kubonyeza, dakika nyingine 40 zingeokolewa.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kubonyeza kimakosa kuna gharama. Programu inayonunua huku ili kujikinga na mauzo ya kule ikikatwa katikati, mwenyewe anabaki na upande mmoja. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu kitufe kinaweza kuwa na ngazi, cha programu moja, cha soko moja, na cha kila kitu. Ila sikubaliani na dawa ya kawaida ya kuweka maswali ya uhakika na sahihi ya meneja kabla ya kusimama. Hasara ya kusimama bure ina mipaka inayoonekana, ya kutosimama haina. Uhakika na sahihi viwekwe kwenye kuwasha tena.

Ombi jingine ni kwamba kitufe kiuze pia hisa zote zilizobaki. Hapa nasema hapana. Knight ilibaki na hisa za kampuni 80 ilizonunua zenye thamani ya takriban dola bilioni 3.5, na ikawa imeuza hisa za kuazima za kampuni 74 za takriban dola bilioni 3.15. Mashine ikiamriwa kumwaga mzigo kama huo sokoni bila kujali bei, inakuwa imeanzisha ajali ya pili ili kumaliza ya kwanza. Isitoshe, hesabu ya hisa zilizobaki inatoka kwenye mfumo uleule uliokwisha kuonyesha kwamba hauaminiki. Kufuta oda ni kupunguza vitendo, kuuza ni kuongeza, na uamuzi wa kuuza ni wa mtu aliyeketi akatazama.

Umoja wa Ulaya uliliweka jambo hili katika sheria: tangu Januari 2018 kampuni zinazofanya biashara kwa programu lazima ziweze kufuta papo hapo oda zao zote ambazo hazijatimia, katika soko lolote zilipo. Sheria haimgusi mtu anayeendesha programu yake ndogo kwenye seva ya kukodi, lakini daftari la soko halimtofautishi na Knight. Kama wewe ni mmoja wa watu wa aina hiyo, weka oda ndogo mbili tatu mbali na bei ya sasa, soko likiwa wazi, kisha bonyeza kitufe chako. Ingia kwenye akaunti ya soko kwa simu, si kupitia programu yako, uangalie kama oda zimetoweka. Subiri dakika chache, uangalie tena kama hazijarudi.