Betri Iliyojaa Kwenye Chumba cha Joto (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tuliishia pale lithiamu inapohama kutoka upande chanya wa betri na kwenda kujipanga ndani ya grafiti ya upande hasi. Leo tuitazame betri isiyofanya kazi yoyote: imejaa, imekaa tu.

Mwenye duka moja la steshenari, Kariakoo, aliniletea kompyuta mpakato yake ya miaka mitatu. "Mwalimu, hii haijawahi kutoka kwenye umeme. Betri yenyewe sijaitumia, imechokaje?" Ilikuwa ikikaa kaunta, chini ya bati, feni ikiwapepea wateja. Nikaandika:

```
powercfg /batteryreport
```

Kwenye DESIGN CAPACITY palisomeka 45,000 mWh, kwenye FULL CHARGE CAPACITY 27,900 mWh. Imebaki asilimia 62, na CYCLE COUNT ni 31 tu. Kweli hakuitumia.

Kilichoila ni utando. Grafiti iliyoshiba lithiamu ina njaa kubwa ya kutoa elektroni, na elektroliti, ule umajimaji unaoizunguka, haiwezi kuhimili msukumo huo, humeng'enyuka. Mabaki yake hugandamana juu ya grafiti. Utando huo kwa sehemu kubwa hutengenezwa kiwandani na ndio unaoilinda betri, lakini hauzibi kabisa. Elektroliti huendelea kupenya kidogo kidogo, utando unanenepa, na kila unaponenepa hunasa lithiamu. Lithiamu hiyo iliwekwa mara moja tu kiwandani. Ikinaswa, hairudi.

Upande chanya nao una yake. Seli ikishikiliwa kwenye volti 4.2, elektroliti huungua polepole huko na kutoa gesi. Ukiona padi ya kugusa imeinuka au kifuniko hakifungi sawasawa, betri imevimba. Acha kuichaji na usiitoboe.

Kwa hiyo kujaa ndiko kunakosukuma mmeng'enyuko, na joto ndilo linaloupa mwendo: kwa makadirio ya kawaida, kila nyuzi 10 zikiongezeka kasi hukaribia kuwa maradufu. Katika jedwali moja linalonukuliwa sana, betri iliyohifadhiwa mwaka mzima kwa nyuzi 25 ikiwa na chaji asilimia 40 hubaki na uwezo wa asilimia 96 hivi. Ikiwa imejaa, 80. Kwa nyuzi 40, hiyo ya kwanza hubaki na 85, iliyojaa 65. Na ndani ya kompyuta iliyowashwa mchana wa Dar, nyuzi 40 si ajabu.

Nilimwekea kikomo cha kuchaji cha asilimia 80 na kumshauri aisogeze kwenye feni. Akauliza kama kuimaliza chaji yote kisha kuijaza upya kutairudisha. Hapana. Hilo hurekebisha kipimo kinachosoma chaji. Lithiamu iliyonaswa inabaki ilipo.