Tangazo la Kazi Linapowakaribisha Watu Wenye Ulemavu

Matangazo mengi ya kazi Tanzania humalizia kwa sentensi moja inayowahimiza watu wenye ulemavu kuomba. Matangazo ya utumishi wa umma huongeza kwamba mwombaji ataje ulemavu wake kwenye mfumo wa maombi, ili Sekretarieti ya Ajira iwe na taarifa. Sentensi hiyo ina msingi wa kisheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya ulemavu, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Tanzania pia imeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao ibara yake ya 27 inahusu haki ya kufanya kazi.

Hata hivyo, sentensi hiyo ikiwa peke yake haimwambii mwombaji jambo analohitaji kulijua. Kiziwi anataka kujua kama kutakuwa na mkalimani wa lugha ya alama. Asiyeona anataka kujua kama mtihani utakuwa wa karatasi au wa kompyuta. Anayetumia kiti mwendo anataka kujua usaili uko ghorofa ya ngapi. Asipopata majibu, mwombaji hupiga hesabu ya nauli na usumbufu, akaamua kubaki nyumbani. Tangazo linalokaribisha kweli ni lile linalojibu maswali hayo kabla hayajaulizwa.

Tuchukue mfano wa kampuni ya usambazaji wa dawa mjini Morogoro yenye wafanyakazi 64. Asilimia 3 ya idadi hiyo ni 1.92, yaani watu wawili. Kampuni inatafuta karani wa kumbukumbu: mtu wa kupokea hati za mizigo, kuziingiza kwenye kompyuta na kujibu maswali ya wateja. Rasimu ya kwanza ya tangazo lake inadai mwombaji awe na kidato cha nne, cheti cha kompyuta, leseni ya udereva, afya njema ya mwili, na uwezo wa kuzungumza vizuri kwa simu.

Kazi ya kwanza ni kupitia masharti hayo moja baada ya jingine, na kuuliza kama kila sharti limetokana na kazi yenyewe au na mazoea ya ofisi. Karani huyu haendeshi gari, kwa hiyo leseni inatoka. Afya njema ya mwili haipimi chochote kinachohusu hati za mizigo. Inachofanya ni kumfukuza mwombaji anayetembelea magongo. Kuhusu simu, meneja anagundua kwamba wateja wengi hutuma maswali kwa ujumbe wa maandishi, na kwamba ofisi tayari ina mtu wa kupokea simu. Sharti linageuka kuwa uwezo wa kuwajibu wateja kwa ufasaha kwa maandishi. Cheti cha kompyuta kinabaki, kwa sababu bila ujuzi huo kazi haifanyiki. Hapa ndipo mpaka wa mwaliko unapoonekana: masharti ya msingi ya kazi hayalegezwi kwa yeyote, bali yanayoondolewa ni yale yasiyohusika.

Baada ya masharti kupunguzwa, kampuni inaandika aya ya mwaliko. Inaweza kusomeka hivi:

"Watu wenye ulemavu wenye sifa zilizotajwa wanakaribishwa kuomba. Usaili utafanyika ghorofa ya chini, na chumba pamoja na choo vinaingilika kwa kiti mwendo. Utakuwa na sehemu mbili: jaribio la kompyuta la saa moja na mazungumzo ya dakika 30. Atakayehitaji mkalimani wa lugha ya alama, maandishi makubwa, nukta nundu, kompyuta yenye programu ya kusoma skrini, muda wa nyongeza au utaratibu mwingine, atueleze kwa ujumbe wa simu au barua pepe siku saba kabla ya usaili. Gharama ni za kampuni. Maelezo hayo hayatahusika katika kutoa alama."

Kila sentensi hapo ina kazi yake. Kutaja sehemu za usaili na muda wake kunamwezesha mwombaji kujua atahitaji nini. Mwenye uoni hafifu, wakiwemo wengi wenye ualbino, hawezi kuomba maandishi makubwa kama hajui kuna jaribio la kusoma. Orodha ya huduma inaonyesha kwamba mwajiri ameshafikiria, na mwombaji haoni kama anaomba hisani. Siku saba zinahitajika kwa sababu wakalimani wa lugha ya alama ni wachache na hukodiwa mapema. Kutaja njia mbili za mawasiliano kunaziba pengo la kawaida sana: tangazo lenye namba ya kupiga tu limemfungia kiziwi mlango. Kauli kuhusu gharama inamwondolea mwombaji hofu kwamba atatakiwa kuja na mkalimani wake.

Aya hiyo pia inauliza mahitaji, haiulizi ulemavu. Tofauti ni kubwa. Mtu anayejibu kwamba yeye ni kiziwi bado hajamwambia mwajiri afanye nini, kwani wapo viziwi wanaotumia lugha ya alama, wapo wanaosoma midomo, na wapo wanaopendelea kuandikiana. Anayejibu kwamba anahitaji mkalimani ameshamaliza maelezo.

Tangazo lenyewe nalo lazima lisomeke. Ofisi nyingi huchapa tangazo, hulipiga mhuri, huliskani, kisha husambaza picha hiyo. Programu za kusoma skrini, kama vile JAWS na NVDA, hugeuza maandishi kuwa sauti, lakini haziwezi kutegemewa kusoma picha ya maandishi. Namna ya kupima ni rahisi: mtu afungue faili na kujaribu kuchagua neno moja kwa kipanya. Neno likikubali kuchaguliwa na kunakiliwa, ni maandishi. Likikataa, ni picha, na huenda asiyeona asisikie chochote. NVDA hupatikana bila malipo, kwa hiyo mwajiri anaweza kuiweka kwenye kompyuta ya ofisi na kusikiliza tangazo lake kabla ya kulitoa.

Kinachofuata ni usaili kuwa kama ulivyotangazwa. Tuseme kampuni ya Morogoro imeita watu sita, mmoja wao asiyeona, mwingine kiziwi, na wa tatu anatumia kiti mwendo.

Kwa anayetumia kiti mwendo, meneja anapima njia yote kuanzia getini. Mlangoni kuna ngazi tatu, kila moja ya sentimita 15, jumla sentimita 45. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda inahitaji angalau sentimita 12 za mteremko, kwa hiyo njia ya mteremko hapo inapaswa kuwa na urefu wa mita 5.4. Ubao mfupi uliolazwa juu ya ngazi hautoshi. Utakuwa mkali mno na mtu anaweza kupinduka. Kwa kuwa hakuna muda wa kujenga, usaili unahamishiwa chumba cha nyuma ambacho mlango wake uko sawa na uwanja. Wote sita wanausailiwa huko, si yeye peke yake.

Kwa kiziwi, mkalimani anatumiwa mapema maelezo ya kazi na istilahi zake, kama vile ankara na hati ya kupokelea mzigo. Anakaa karibu na wasaili, ng'ambo ya msailiwa, ili msailiwa amwone yeye na anayeuliza kwa wakati mmoja. Hawekwi mbele ya dirisha, kwa sababu mwanga wa nyuma hufanya mikono na uso visionekane vizuri. Wasaili wanamtazama msailiwa na kumwambia moja kwa moja, "Umewahi kufanya kazi wapi?" Hawamwambii mkalimani, "Muulize amewahi kufanya kazi wapi." Wanaongea mmoja mmoja. Ndugu wa msailiwa hatumiwi kama mkalimani, kwani anaweza kuongeza au kupunguza majibu kwa nia njema.

Kwa asiyeona, jaribio linawekwa kwenye faili ya maandishi katika kompyuta yenye programu ya kusoma skrini na vipokea sauti vya masikioni. Anapewa dakika chache kabla ya kuanza ili aizoee kibodi, na muda wa nyongeza, kwa sababu kusikiliza jedwali safu kwa safu huchukua muda kuliko kulitupia macho. Jaribio halibadiliki: hati ni zilezile na makosa ya kutafuta ni yaleyale. Katika mazungumzo, kila msaili anataja jina lake na mahali alipokaa. Wa kumsindikiza hamshiki na kumvuta, bali anamuuliza kama angependa msaada, kisha anampa kiwiko ashike.

Karatasi ya alama ni moja kwa wote, na vipengele vyake vinatoka kwenye masharti ya tangazo. Maelezo ya mahitaji hubaki kwa ofisa anayeandaa usaili. Wasaili huambiwa tu yale yanayohusu uendeshaji, kwa mfano kwamba kutakuwa na mkalimani. Swali la namna mtu alivyopata ulemavu halina nafasi kwenye usaili. Swali linaloruhusika ni la kazi: msailiwa angeifanyaje kazi fulani, na angehitaji kifaa gani.

Mwaliko ukishindwa, mahali uliposhindwa hujionyesha kwenye hesabu. Kama hakuna mwenye ulemavu aliyeomba kabisa, tatizo huwa kwenye tangazo au njia lilikopitia; linapaswa kupelekwa pia kwa vyama kama SHIVYAWATA, CHAVITA na Chama cha Wasioona Tanzania, si kubandikwa kwenye ubao wa ofisi tu. Kama waliomba na kuitwa lakini hawakufika, mara nyingi maandalizi yao hayakuthibitishwa kwa maandishi, wakaona hatari ya kusafiri bure. Kama walifika wakafanya usaili lakini hakuna anayepita mwaka baada ya mwaka, karatasi ya alama ichunguzwe: vipengele kama "anavyojieleza" au "mwonekano" huweza kumnyima alama mtu kwa jambo lisilohusu kazi.

Mwajiri anayeanza upya hahitaji kusubiri jengo jipya. Aondoe sharti lisilohusika, aandike aya inayotaja chumba, muda, huduma na mtu wa kuwasiliana naye, kisha siku ya usaili atimize alichoandika. Asichoweza kukitimiza, asikitangaze.