Karai Limewekwa Kabatini, Mbona Uzito Haupungui?

Juzi nilipita Majengo, Pumwani, kumjulia hali shangazi yangu. Daktari alimwambia apunguze uzito kwa sababu ya sukari, na tangu siku ile karai limewekwa juu ya kabati. "Mwanangu, mimi sikaangi tena, nachemsha tu," akanambia. Chakula kilipoletwa, kilikuwa muhogo wa nazi wenye tui zito, na pembeni sukuma wiki inang'aa mafuta. Miezi miwili sasa, na uzito haujashuka hata kilo moja.

Shangazi hakusema uongo. Tatizo ni kuwa mwili hauhesabu jina la mapishi, wahesabu kilichoingia chunguni. Gramu moja ya wanga au protini ina kalori 4, lakini gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori 120 hivi, sawa na kiazi kizima cha wastani kilichochemshwa.

Tuchukue viazi. Kilo moja ya viazi vilivyomenywa ina kalori 770 hivi. Ukivichemsha kwa maji au ukivipika kwa mvuke, kalori hubaki karibu zile zile. Tofauti ni kwamba mvuke huhifadhi zaidi vitamini C, ambayo kwenye kuchemsha huyeyuka na kumwagwa na maji. Sasa vikaange viwe chipsi. Pima mafuta kabla ya kukaanga, kisha uyapime tena yakipoa. Tuseme yamepungua mililita 80. Hizo hazikupotea, nyingi zimo ndani ya chipsi, nazo ni kalori 650 hivi. Viazi ni vile vile, lakini kalori zimekaribia kuwa maradufu. Viazi karai ni hivyo hivyo, kwa sababu ule unga wa juu nao hunyonya mafuta.

Mafuta huingiaje? Kiazi kikiwa ndani ya mafuta ya moto, maji yake hugeuka mvuke na kutoka kwa nguvu, na mvuke huo huyazuia mafuta. Ukikitoa, mvuke hupoa na kiazi huyavuta ndani mafuta yaliyoganda juu yake. Ndiyo maana chipsi zikung'utwe na kuchujwa papo hapo zikiwa moto, si baada ya kupoa kwenye sahani. Mafuta yasiyopata moto vizuri nayo huharibu: kipande hukaa muda mrefu na hutoka kimelegea, kinachuruzika. Tumbukiza kipande kimoja kwanza. Vipovu visipotoka mara moja, ngojea. Na mafuta yakiwa meusi, mazito, yanatoa povu na kufuka moshi mapema, yamechoka. Hayo hung'ang'ania chakula zaidi, basi usiyarudishe jikoni.

Kuchoma kuna faida kwa nyama yenye mafuta na kuku mwenye ngozi, kwa sababu mafuta hudondoka makaani. Kwa samaki mkavu kama changu tofauti ni ndogo, na ukimpaka mafuta kila unapomgeuza, umeyarudisha yale uliyoyakimbia.

Sasa turudi kwa muhogo wa shangazi. Kikombe kimoja cha tui zito, robo lita, kina karibu gramu 50 za mafuta, yaani vijiko vikubwa vitatu na nusu. Yeye alitia vikombe viwili kwa watu wanne, kwa hivyo kila mtu alipata karibu vijiko viwili kwa muhogo peke yake. Ile sukuma wiki nayo, mafuta yote yaliyomiminwa yaliliwa. Kwenye karai mengine hubaki, kwenye sufuria ya mboga hayabaki.

Kiasi gani basi kinafaa? Shirika la Afya Duniani lashauri mafuta yasizidi asilimia 30 ya kalori za siku. Kwa mtu mzima anayehitaji kalori 2,000, hiyo ni gramu 67 hivi, pamoja na mafuta yaliyomo ndani ya nyama, maziwa na nazi. Ukiyaondoa hayo, mafuta ya kupikia yabaki vijiko vikubwa viwili kwa siku. Watu wazima wanne ni kama lita tatu na nusu kwa mwezi. Huku Eastlands wengi wetu twanunua mafuta ya kupima, ya leo leo, na kwa hivyo hakuna anayejua jumla yake. Weka chupa moja ya lita, mimina humo kila unachonunua, na uandike tarehe ilipojaa na ilipoisha.

Shangazi hakuacha nazi, na sikumwambia aiache. Tulikubaliana kikombe kimoja cha tui zito, kingine kiwe tui jepesi la mkamuo wa pili, na mafuta ya mboga yapimwe kwa kijiko, si kwa kuinamisha chupa. Siku atakayopika muhogo wa nazi, mboga ya pembeni iwe ya kuchemsha kweli.