Salamu Bila Maneno: Ishara za Waendesha Baiskeli na Pikipiki katika Barabara za Katubuka

1.0 Utangulizi

Wataalamu wengi waliochunguza salamu za Kiswahili wamezitazama kama maneno: nani aanze, aitikiwe vipi, na baada ya kuitikiwa aulizwe habari gani. Mhadhara huu unahusu salamu isiyo na neno hata moja, ile wanayopeana waendesha baiskeli na pikipiki wanapopishana njiani. Mfano wake unatoka kata ya Katubuka, katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, ambako hupita watu waendao Mwanga, Gungu, Ujiji na mjini Kigoma, wengine wakiwa na dagaa au madumu ya mawese kwenye keria.

Ni rahisi kuidhania ishara hiyo kuwa ni shikamoo iliyofupishwa kwa sababu ya haraka. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba sivyo. Ishara ya barabarani ni salamu ya aina yake, kwa kuwa kianzio na kiitikio chake ni kitu kimoja.

2.0 Kinachopotea mwendoni

Mwenyeji wa Kigoma ana salamu za namna mbalimbali, na kila moja inadai kitu. Shikamoo, ambayo kwa asili ni tamko la kushika miguu ya mkubwa, inadai muda: lazima isubiri marahaba, kisha zifuate habari za nyumbani na za kazi. Salamu ya Kiha, mathalani mwakeye ya asubuhi, kwa desturi huandamana na kupiga makofi ya taratibu, hivyo inadai mikono yote miwili. Kupeana mkono kunadai mkono wa kulia na kusimama karibu.

Barabara huviondoa vyote hivyo. Waendesha baiskeli wawili wanaoelekeana, kila mmoja akienda kilomita 15 kwa saa, husogeleana kwa takriban mita 8 kila sekunde. Wakitambuana wakiwa mita 40, wana sekunde 5 kabla ya kupishana. Muda huo unatosha kwa shikamoo na marahaba, lakini hautoshi kwa habari zifuatazo. Pikipiki mbili zikienda kilomita 50 kwa saa kila moja, umbali uleule huisha kwa chini ya sekunde moja na nusu, tena injini zinanguruma na nyuso zimefunikwa na helmeti. Hapo hata shikamoo yenyewe haiwezi kusikika, seuze kuitikiwa.

3.0 Suala la mkono

Mwendesha baiskeli asiye na mzigo mkubwa hana taabu. Huuachia usukani mkono wa kulia, akauinua kiganja kikiwa wazi, akaurudisha. Kwa kuwa Tanzania watu huendesha upande wa kushoto wa barabara, anayekuja hupita kuliani kwake, na mkono huo huonekana vizuri. Aliyebeba madumu ya mawese hawezi kufanya hivyo, maana usukani wenye mzigo nyuma huyumba mara mkono mmoja unapouachia. Yeye huinua kidevu au nyusi, na wenzake huipokea kuwa ni salamu kamili.

Mwendesha pikipiki ana tatizo jingine. Mkono wake wa kulia ndio unaozungusha mpini wa mafuta na kushika breki ya mbele. Akiuondoa, pikipiki hupungua mwendo na breki hiyo inakuwa mbali naye. Mkono ulio huru zaidi ni wa kushoto, lakini katika adabu za Waswahili kumpa mtu mkono wa kushoto ni kumvunjia heshima. Isitoshe, mkono huo uko upande wa ukingo wa barabara, mbali na anayesalimiwa. Ndiyo maana salamu ya pikipiki huelekea kuwa ya kichwa au ya honi fupi. Anayetumia mkono wa kushoto kwa kawaida huinua vidole viwili au vitatu tu bila kuuachia usukani, na ishara ndogo namna hiyo haihesabiwi kuwa ni utovu wa adabu.

Kwamba chombo na upande wa barabara vina sehemu katika jambo hili kunaonekana pia kwingineko. Nchini Uingereza, ambako huendeshwa kushoto kama Tanzania, waendesha pikipiki wamezoea kutikisa kichwa. Huko Marekani, ambako huendeshwa kulia, mkono wa kushoto uko upande wa anayekuja, na huo ndio unaoteremshwa kwa salamu. Jirani wa Kigoma, yaani Burundi na Kongo, nao huendesha kulia. Kwa hiyo mtu anayevuka mpaka wa Manyovu hubadilisha pamoja na upande wa barabara mkono ulio karibu na mwenzake.

4.0 Nani aanze?

Katika shikamoo mdogo ndiye huanza. Mafunzo ya Kiislamu, yenye uzito mkubwa Ujiji, yanaongeza kigezo kingine: aliyepanda kipando amwanze atembeaye kwa miguu, na atembeaye amwanze aliyeketi. Kijana wa bodaboda akimpita mzee anayetembea, kanuni zote mbili zinamtaka yeye aanze. Mzee aliye juu ya baiskeli akimpita kijana anayetembea, kanuni hizo zinaachana, na mara nyingi wote wawili huanza kwa pamoja.

Wanapopishana wawili walio juu ya vyombo, kigezo cha kipando hakina kazi, na umri haukadiriki chini ya helmeti. Kila mmoja huinua kichwa, na hakuna awezaye kusema kwa yakini nani alianza. Hapa ndipo hoja ya mhadhara ilipo. Shikamoo na marahaba ni maneno mawili yasiyoweza kubadilishana nafasi, na kutobadilishana huko ndiko kunakobeba daraja la mkubwa na mdogo. Ishara ya barabarani hujibiwa kwa ishara ileile. Maana yake ni "nimekuona, nawe u mwenzangu wa njia", na daraja linaahirishwa.

5.0 Ishara inapokosewa

Kwa kuwa haina neno, ishara huweza kusomwa vingine. Mwenda kwa miguu akiinua mkono kumsalimu mtu wa bodaboda, huenda pikipiki ikasimama, kwa kuwa abiria naye huita kwa mkono. Tofauti iko katika kiganja: cha salamu huelekezwa mbele na kutulia, cha kuita huelekezwa chini na vidole huchezwa. Honi vilevile huweza kuwa ni salamu au ni kutafuta abiria. Taa zikiwashwa na kuzimwa mbele ya dereva, mara nyingi ni onyo kwamba kuna askari wa usalama barabarani au hatari mbele, na anayejibu kwa kupunga mkono bila kupunguza mwendo ameelewa salamu mahali pa tahadhari.

Kosa zito zaidi ni kutoitikia. Aliyenyamaziwa husema mwenzake ana maringo au dharau, na mwenzake pengine alikuwa akikwepa shimo. Lugha ya mazungumzo ina njia ya kulitengeneza hilo. Wakikutana kijiweni, mmoja huanza: "Leo umenipita." Mwingine hujibu: "Sikukuona, ndugu yangu," au "Mzigo ulinielemea." Ikiwa aliyepitwa ni mkubwa, jibu hutanguliwa na shikamoo, na daraja lililoahirishwa njiani hurudishwa hapo.

6.0 Hitimisho

Kwa hiyo ishara ya njiani haiui shikamoo, kama baadhi ya watu wanavyohofu. Inaiahirisha mpaka miguu ikanyage chini. Dalili ya kuwa shikamoo inapotea ingekuwa nyingine kabisa: watu waliopungiana mikono asubuhi wakutane jioni wakiwa wamesimama, na bado waishie kutikisiana vichwa.